Lipu mpya inakunywa lita ngapi za rangi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu hali moja: kuta na dari zilizopigwa lipu ya saruji na mchanga (wengine huita plasta), bado hazijaguswa na rangi yoyote, na unataka kuzipaka rangi ya maji. Hapo ndipo mtu hununua rangi ya kutosha kwa hesabu yake na bado ikamwishia njiani. Ukuta uliokwisha kupakwa siku za nyuma ni jambo jepesi, nitaugusa kwa ufupi tu.

Kopo limeandikwa lita moja inapaka mita 12 za mraba. Kwa nini kwangu imepaka 5 au 6?

Kwa sababu namba ya kopo ni ya ukuta laini ambao umeshazibwa, yaani hauna kiu. Lipu mpya imejaa vitundu vidogo vilivyoachwa na maji yaliyokauka. Ukigusisha rola, maji ya rangi yanavutwa ndani kabla hujafika mwisho wa mvuto wako. Utaliona kwa macho: rangi inapauka papo hapo, rola inaanza kukwama na kutoa sauti kavu, na unapojaribu kuirudisha kusawazisha, hakuna tena kitu cha kusawazisha. Kiasi kikubwa cha rangi uliyolipia kimo ndani ya ukuta, si juu yake.

Jambo la pili ni ukwaruzo. Lipu iliyomaliziwa kwa mwiko wa mbao ina vilima na mabonde ya chembe za mchanga. Ukipima kwa futi unapata mita moja ya mraba, lakini rangi inatembea kwenye kila kilima na kila bonde, kwa hiyo eneo inalofunika ni kubwa kuliko lile ulilopima.

Namba ya kopo si uongo, ila inakuhusu kuanzia mkono wa pili au wa tatu, yaani unapoupaka ukuta wote mara ya pili au ya tatu. Kosa ni kuitumia kwa mkono wa kwanza.

Basi nitumie namba gani kwa mkono wa kwanza?

Namba ya ukuta wako. Kwa lipu mpya ya saruji huwa kati ya mita 5 na 8 za mraba kwa lita, na upana huo ni mkubwa mno kuununulia rangi kwa kubahatisha. Kupima kunachukua nusu saa.

Nunua kopo dogo la rangi ileile utakayotumia. Ipunguze kama utakavyoipunguza siku ya kazi, kwa mfano sehemu 3 za rangi kwa sehemu 1 ya maji. Lowesha rola kwanza kwa rangi hiyo na uipitishe kwenye kipande cha ukuta ambacho hutakipima, maana rola mpya nayo inakunywa na itakuharibia hesabu. Kisha pima nusu lita kamili kwenye jagi, uimimine kwenye trei safi, na uanze kupaka kuanzia kona moja ukienda upande, kutoka chini hadi juu, mpaka trei iishe. Usinyoshe rangi ili ifike mbali. Paka kama unavyopaka siku zote. Pima upana uliofika, zidisha kwa kimo cha ukuta, halafu zidisha kwa 2. Hiyo ndiyo mita za mraba kwa lita moja ya mchanganyiko.

Kama kuta zako zilipigwa na mafundi tofauti, au moja ni ya nje na nyingine ni ya kati, pima sehemu mbili. Mkono wa fundi mmoja hukandamiza lipu zaidi kuliko wa mwenzake, na lipu iliyokandamizwa hunywa kidogo.

Naomba mfano kamili wa chumba kimoja.

Chumba kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 2.8. Mzunguko wake ni mita 15, kwa hiyo kuta zote ni 15 × 2.8 = mita 42 za mraba. Mlango ni 0.9 × 2.1, karibu mita 1.9 za mraba. Dirisha ni 1.5 × 1.2, yaani 1.8. Ukitoa vyote viwili unabaki na 38.3. Lakini dirisha lina mashavu yake, ile kingo ya ndani ya ukuta yenye kina cha sentimita 15, nayo inapakwa. Kuzunguka dirisha zima inarudisha karibu 0.8. Tuseme mita 39 za mraba. Dari ni 4 × 3.5 = 14.

Nilipopima kwa nusu lita, rangi ilifika upana wa mita 1 kamili. Mita 1 × 2.8 ni mita 2.8 za mraba, mara 2 ni 5.6 kwa lita. Ukuta wenye kiu kweli.

Sasa kila mkono unapigiwa hesabu yake:

Mkono wa kwanza: 39 ÷ 5.6 ni karibu lita 7 za mchanganyiko. Kwa kuwa robo yake ni maji, rangi yenyewe ni lita 5.25 na maji lita 1.75.

Mkono wa pili: ukuta umeshazibwa kwa sehemu, ila kiu haijaisha yote. Naweka mita 9 kwa lita. 39 ÷ 9 ni lita 4.3.

Mkono wa tatu: hapa namba ya kopo inaanza kusema kweli, ingawa kwa ukwaruzo wa mwiko wa mbao naweka 11 badala ya 12. 39 ÷ 11 ni lita 3.55.

Jumla ni lita 13.1. Naongeza asilimia 10 kwa ajili ya rangi inayobaki kwenye rola, kwenye trei na kwenye kingo za kopo, napata 14.4.

Sasa mfikirie mtu aliyesoma kopo tu: mita 39, mikono miwili, mita 12 kwa lita. Anapata lita 6.5. Hajafika hata nusu ya inayohitajika, na hakukosea kuzidisha wala kugawanya popote.

Na dari?

Kama dari ni ya zege lililopigwa lipu ileile, hesabu ni ileile kwa mita 14. Mkono wa kwanza lita 2.5 za mchanganyiko, yaani rangi karibu lita 1.9, wa pili 1.55, wa tatu 1.3. Jumla karibu 4.75, na asilimia 10 juu yake inakuwa 5.2. Ukitumia rangi moja kwa kuta na dari, unahitaji lita 19.6, na ndoo ya lita 20 inakutosha kwa nywele tu. Mimi ningenunua ndoo pamoja na kopo la lita moja, kwa sababu dari hudondosha rangi zaidi ya ukuta.

Dari ya mbao za jipsamu ni habari nyingine. Karatasi ya juu ya jipsamu hainywi sana, lakini mistari ya maungio na vichwa vya skrubu vilivyozibwa kwa puti hunywa vibaya. Ukipaka rangi moja kwa moja, mistari ile itaonekana kama mbavu pale mwanga wa dirisha unapopita sambamba na dari. Paka prima, yaani rangi ya chini ya kuzima kiu kabla ya rangi yenyewe, dari nzima, siyo mistari peke yake. Kwa mita 14 weka lita 1.6 ya prima, halafu lita 2.5 za rangi kwa mikono miwili, na nyongeza yako ya asilimia 10.

Je, nikitumia prima badala ya kupunguza rangi kwa maji, nitaokoa lita?

Utaokoa lita za rangi, si lita kwa jumla. Prima nayo inanywewa. Kwa chumba chetu, kama prima inakwenda mita 7 kwa lita, unahitaji lita 5.6 za prima. Baada ya hapo ukuta umezibwa vizuri zaidi, mikono miwili ya rangi inatosha: 39 ÷ 10 ni 3.9, na 39 ÷ 11 ni 3.55, jumla 7.45, pamoja na nyongeza 8.2. (Hapo ndipo kishawishi cha kununua makopo mawili ya lita 4 na kusema "hiyo 0.2 tutaibana" huanza. Chukua na la lita moja.)

Uamuzi wangu ni huu. Kama rangi ya juu ni ya bei ya juu, au ni rangi iliyokolezwa kwa oda, tumia prima, maana hakuna sababu ya kunywesha ukuta kitu cha thamani ambacho hakuna atakayekiona. Kama ni nyeupe ya kawaida, rangi iliyopunguzwa inafanya kazi ileile. Ukichagua prima, iwe ile inayostahimili magadi ya saruji. Sababu yake inafuata hapo chini.

Nipunguze kwa maji kiasi gani?

Sehemu 3 hadi 4 za rangi kwa 1 ya maji kwa lipu nyingi. Lengo ni rangi iwe nyepesi kiasi cha kuzama na kushika, badala ya kukauka juu kama ngozi. Kwa lipu inayokunywa mno, baadhi ya watengenezaji wanaruhusu zaidi, basi soma maelekezo ya kopo lako.

Kuzidisha maji kuna gharama isiyoonekana siku ile. Ndani ya rangi mna gundi inayoshika chembe pamoja na kuzinatisha ukutani. Ukiijaza maji, gundi inatawanyika na kuvutwa ndani ya lipu, chembe zinabaki juu bila cha kuzishika. Jaribio lake ni rahisi: siku inayofuata pitisha kiganja kikavu ukutani. Kikitoka na unga mweupe kama chaki, mkono huo wa rangi ni dhaifu na kila utakachopaka juu yake kitasimama juu ya vumbi.

Kumbuka pia kwamba maji hayafuniki ukuta. Fundi akikwambia anaweza "kuifikisha" ndoo kwenye vyumba vitatu badala ya viwili, uliza anaifikisha kwa kitu gani.

Mikono miwili haitoshi kweli?

Kwa lipu mpya, mkono wa kwanza ni wa kuzima kiu. Usiuhesabu kama rangi. Baada yake unahitaji miwili inayoonekana, ndiyo maana jumla inakuwa mitatu. Kwa ukuta wa zamani wenye rangi inayokaribiana na mpya, miwili inatosha na namba ya kopo unaweza kuiamini, ukipunguza kidogo kama ukuta una ukwaruzo.

Rangi yenyewe nayo ina neno. Njano kali, nyekundu na machungwa mara nyingi hupitisha kilicho chini yake, kwa sababu hazina unga mweupe mwingi ule unaozipa rangi hafifu uwezo wa kufunika. Kwa hizo weka mkono wa nne kwenye hesabu, lita 3.55 nyingine kwa chumba chetu, au paka prima iliyotiwa rangi ya kijivu au inayofanana na ile ya juu.

Nimeona rangi inayodai mita 20 kwa lita. Niiamini?

Gawanya kabla ya kuamini. Lita moja ikitandazwa kwenye mita 10 za mraba inatoa utando wa unene wa milimita 0.1 ukiwa mbichi. Kwenye mita 20 ni milimita 0.05. Kisha maji yanakauka, na kwa rangi nyingi za maji kinachobaki ni kama theluthi moja ya utando huo, pengine zaidi kidogo. Sasa unazungumzia karibu milimita 0.02 za rangi kavu juu ya lipu ambayo chembe zake za mchanga ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Kwenye kioo, labda. Kwenye lipu haiwezekani, hata kama rangi ni nzuri kiasi gani.

Lipu ikae muda gani kabla sijapima na kupaka?

Utasikia siku 28. Namba hiyo imetoka kwenye upimaji wa nguvu ya saruji, haikutoka kwenye ukavu wa ukuta. Ni mwanzo mzuri, lakini ukuta wa lipu nene kwenye msimu wa mvua unaweza kufika siku 28 ukiwa bado na maji ndani, na ule uliopigwa upepo na jua ukawahi.

Ili kujua, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, uzibe kingo zote nne kwa utepe, ukiache saa 24. Ukikuta umande upande wa ndani, au lipu chini yake imekolea weusi kuliko pembeni, subiri. Fanya hivyo karibu na sakafu na karibu na dari, kwa kuwa sehemu ya chini hukauka mwisho.

Hapa kuna mtego unaowakamata hata wenye uzoefu. Lipu yenye unyevu hainywi, vitundu vyake vimejaa maji tayari. Ukipima nusu lita yako kwenye ukuta mbichi, utapata mita 8 au 9 kwa lita na kufurahi. Rudi wiki tatu baadaye ukuta umekauka, namba imeshuka hadi 5 au 6 na rangi uliyonunua haitoshi. Kwa hiyo kwanza jaribio la nailoni, kisha jaribio la nusu lita. Kinyume chake ni hesabu ya ukuta ambao hutaupaka.

Itakuwaje nikipaka kabla haijakauka?

Saruji mbichi ina magadi makali sana. Kipimo chake cha pehashi hufika 12 hadi 13, wakati maji safi yapo 7. Rangi ya mafuta ikikutana na magadi hayo inageuka sabuni, kwa maana halisi: inalainika, inanata, na hatimaye inabanduka. Rangi ya maji inavumilia zaidi, lakini rangi zilizokolezwa huweza kupauka kwa mabaka. Na maji yanayotafuta njia ya kutoka hubeba chumvi za saruji hadi juu, ukaona ukungu mweupe wa unga au malengelenge. Ukungu huo ufagie kwa brashi kavu. Ukiuosha, chumvi inayeyuka na kurudi ndani, kisha inatoka tena.

Hakuna lita za nyongeza zinazotibu hilo. Nimemwona mwenye nyumba akiongeza mkono wa nne na wa tano juu ya madoa ya chumvi, na madoa yakapanda nao.

Nilimwagia ukuta maji kujaribu, yakateleza bila kunywewa. Ni habari njema?

Si lazima. Nyunyiza kwa brashi: lipu ya kawaida iliyokauka inakolea rangi mara moja na maji yanatoweka. Yakiteleza, huenda ukuta bado una maji, au fundi aliusugua kwa mwiko wa chuma mpaka ukang'aa. Ukuta uliong'arishwa hivyo utakula rangi kidogo, na hesabu yako itapendeza, ila rangi inakaa juu bila mizizi. Baada ya mkono wa kwanza kukauka vizuri, kata alama ya msalaba kwa wembe, gandisha utepe, uuvute kwa nguvu. Ukitoka na rangi, paza ukuta kwa msasa, pangusa vumbi, na uanze upya.

Kwa nini kuna mabaka yasiyong'aa sawa ingawa nimepaka mikono yote?

Angalia kama mabaka yako pale fundi umeme alipochimba na kuziba, au pale nyufa zilipojazwa puti baada ya mkono wa kwanza. Viraka hivyo ni lipu mpya juu ya ukuta ambao tayari umezimwa kiu. Vinakunywa peke yao. Kila kiraka kipakwe prima au rangi iliyopunguzwa kabla ya mkono unaofuata, kisha upake ukuta mzima kutoka kona hadi kona. Kugusa kiraka peke yake kwenye mkono wa mwisho kunaacha alama, hata kwa rangi ya kopo lilelile.

Rangi ikiniishia katikati, si nitaongeza tu kopo jingine?

Nyeupe, ndiyo. Rangi iliyokolezwa, hapana, au ujaribu kwa hadhari. Niliwahi kuishiwa nikiwa na ukuta mmoja na nusu umebaki, nikarudi na kopo lenye jina lilelile la rangi. Mchana sikuona kitu. Jioni taa ilipowashwa, mstari ulikuwa wima katikati ya ukuta kama mshono wa suruali. Namba ya bechi kwenye makopo ilikuwa tofauti, nami sikuwa nimetazama.

Siku hizi namimina makopo yote ya rangi ya mwisho kwenye ndoo moja kubwa, nakoroga, kisha narudisha. Na nikilazimika kuongeza kopo katikati ya kazi, namaliza ukuta ninaoupaka hadi kona ndipo naanza jipya kwenye ukuta unaofuata. Kwenye kona mwanga hubadilika wenyewe, na jicho halitofautishi.

Zilizobaki nizihifadhi vipi?

Hifadhi ile ambayo hukuitia maji. Iliyopunguzwa inaoza upesi, utaijua kwa harufu kama ya mayai, na hiyo haifai hata kwa ukuta wa stoo. Nzima ihamishie kwenye chombo kidogo kinachojaa hadi karibu na mfuniko, uandike juu yake chumba, tarehe na namba ya bechi. Nusu lita inatosha kwa mikwaruzo ya miaka miwili ya kwanza.